Kusoma skrinshoti ya setingi za loki na dharura: aliyeokota simu yako anaona nini bila kuifungua

Watu wengi wakishaweka PIN au alama ya kidole wanajua simu imefungwa, basi. Lakini simu iliyolokiwa bado inaonyesha vitu na bado inafanya vitu, meseji zinajitokeza kwenye kioo, mtu anaweza kupokea simu inayoingia, anaweza kushusha lile pazia la juu akazima data, na akibonyeza maandishi madogo ya "Emergency call" pale chini ya sehemu ya kuandika PIN yanamtokea majina ya ndugu zako na magonjwa yako kama uliyajaza. Yote hayo uliyaruhusu wewe au yaliruhusiwa na kiwanda kabla hujanunua simu, na yote yanasomeka kwenye setingi.

Mara nyingi kazi hii hutaifanya ukiwa na simu mkononi. Shangazi yuko Tanga wewe uko Dar, anakutumia skrinshoti WhatsApp na swali moja tu, "angalia kama simu yangu iko salama". Sasa mwongozo huu ni wa kuisoma hiyo skrinshoti, mstari kwa mstari, mpaka uweze kumwambia shangazi kwa uhakika mtu asiyemjua anaona nini na haoni nini. Nitatumia Samsung za A kama mfano kwa sababu ndizo zimejaa mtaani, halafu nitagusa Pixel, Tecno, Infinix na iPhone. Majina ya setingi nayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, na ujue yanahama hama kidogo kila toleo jipya likija, kwa hiyo ukikosa jina hilo hilo tafuta lenye maana hiyo au tumia alama ya kutafuta iliyo juu ya setingi.

Omba skrinshoti zipi

Skrinshoti moja haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapopotea, wanaangalia ukurasa mmoja wanasema "iko poa". Muombe nne. Ya kwanza ukurasa wa "Lock screen" (kwa matoleo mapya umeandikwa "Lock screen and AOD"). Ya pili, Settings kisha "Notifications" kisha "Lock screen notifications", na aingie ndani kabisa, asiishie nje. Ya tatu ukurasa wa "Safety and emergency". Ya nne, ndani ya hiyo hiyo, kurasa za "Medical info" na "Emergency contacts", zile zenye swichi ya "Show on Lock screen". Ukurasa ukiwa mrefu, akishapiga skrinshoti kuna upau mdogo unatokea chini wenye alama ya mishale inayoelekea chini, akiigusa hiyo simu inashusha ukurasa yenyewe na kuunganisha picha, kwa hiyo hakuna haja ya kutuma vipande sita.

Kabla hajatuma mwambie hizo za mwisho akate majina na namba, hasa kama anatuma kwenye grupu. Wewe unataka kuona swichi, hutaki kuona anaumwa nini. Na akitaka kuficha maandishi asitumie ile kalamu ya kung'ariza yenye rangi inayopitisha mwanga, maana mtu akiongeza mwanga na kontrasti ya picha maandishi yanarudi kuonekana. Akate picha yenyewe, au aweke boksi la rangi nzito lisilopitisha kitu.

Kwanza jua kusoma swichi

Kwenye Samsung swichi ikiwa na rangi na kiduara kimeegemea kulia imewashwa, ikiwa ya kijivu kimeegemea kushoto imezimwa, hilo kila mtu analijua. Kisichojulikana sana ni vitu vitatu.

Kuna mistari ambayo kati ya jina na swichi kuna kijistari chembamba cha wima. Hicho kijistari kinasema hapa pana milango miwili, ukigusa swichi unawasha au kuzima, ukigusa jina unaingia ukurasa mwingine wenye setingi zake. Maana yake skrinshoti ya nje inakuambia kitu kimewashwa lakini haikuambii kimewashwa VIPI. "Lock screen notifications" ni ya namna hii, na jibu lote tunalolitafuta liko ndani.

Cha pili ni maandishi madogo chini ya jina. Yakiwa ya bluu hiyo ndiyo hali iliyochaguliwa sasa hivi, yakiwa ya kijivu ni maelezo tu ya kueleza hicho kitu kinafanya nini. Usisome maelezo ukadhani ni hali, nimeona watu wanabishana grupu zima kwa sababu hiyo.

Cha tatu, mstari mzima ukiwa umefifia, jina na swichi vyote, basi mara nyingi kuna setingi ya juu yake iliyozimwa, na huo mstari haufanyi kazi hata kama swichi inaonekana imeegemea kulia.

Tuchukue mfano mmoja tuusome wote

Tuseme dada mmoja anauza vitenge Kariakoo, ana Galaxy ya A yenye laini mbili, moja ndiyo ya M-Pesa na ya WhatsApp ya biashara. Ana pumu na ana mzio wa penisilini. Ametuma skrinshoti zake nne, tunaanza.

Skrinshoti ya kwanza, ukurasa wa loki. Jicho liende kwanza kwenye "Screen lock type" na maandishi ya bluu chini yake. Yakisema "Swipe" au "None" funga mjadala, hiyo simu haina loki, mwambie aweke PIN kwanza ndiyo mwendelee. Ya dada inasema "PIN, Fingerprints", sawa. Kama kwenye toleo lake mstari huo haupo hapo, utafute chini ya usalama, jina litakuwa linafanana na hilo.

Mstari unaofuata wa kuangalia ni "Smart Lock", siku hizi unaitwa "Extend Unlock". Huu unaruhusu simu ibaki wazi ikiwa mwilini mwako, au ikiwa nyumbani, au ikiwa karibu na saa au redio ya gari. Skrinshoti ya nje haikuambii kama umewashwa, ni mstari wa kuingia ndani, kwa hiyo muulize. Simu ikiwa imefunguliwa halafu ikachomolewa mkononi mwake na mtu akaondoka nayo anatembea, "On-body detection" inaweza kuendelea kuiona iko mwilini, haijui mwili wa nani. Kwa mtu anayefanya kazi sokoni mimi ningesema izimwe bila kujadili.

Halafu "Secure lock settings", hii inaomba PIN kuingia, ndani yake kuna "Lock network and security". Ikiwa imezimwa, mtu aliyeshika simu iliyolokiwa anaweza kushusha pazia la juu akazima data na Wi-Fi, na simu ikishapoteza mtandao ni vigumu kuifuatilia na huwezi kuifuta kwa mbali. Ya dada imezimwa, tunaiandika kwenye karatasi ya vitu vya kubadilisha. Ila ijulikane haizuii mtu kuchomoa laini, nitalirudia hilo.

Pia kwenye ukurasa huu kuna "Contact information", maandishi yanayokaa kwenye kioo kwa yeyote kusoma. Dada ameandika jina lake na namba ya simu, wazo zuri, msamaria akiiokota ajue pa kupiga. Lakini namba aliyoandika ni ya hiyo hiyo simu! Aliyeiokota akipiga simu itaita mkononi mwake. Namba iwe ya mtu mwingine, na kuna sababu nyingine kubwa ya kutoweka namba yako mwenyewe pale, tunafika sasa hivi.

Skrinshoti ya pili, hapa ndipo panapovuja

Ndani ya "Lock screen notifications" kuna vitu viwili vya kusoma. Kimoja ni muonekano, kama notifikesheni inakuja na maelezo yake au ni alama ndogo tu ya apu. Kingine ndicho kikuu, "Hide content". Ikiwa imezimwa, meseji inaingia na maneno yake yanaonekana kwa yeyote anayekitazama kioo, jina la aliyetuma, sentensi za mwanzo, na akiivuta kidogo kwa kidole anaona zaidi. Ikiwa imewashwa anaona tu kwamba kuna kitu kimeingia kutoka apu fulani.

Ya dada imezimwa, na muonekano ni wa maelezo kamili. Sasa hebu fikiria mtu aliyemwibia anaona nini bila kuifungua simu. Meseji ya M-Pesa ikiingia inataja kiasi, jina la aliyetuma na salio jipya, PIN ya M-Pesa hana, lakini ameshajua kuna shilingi ngapi na wateja ni nani. Hilo ni baya ila siyo baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni kodi za uthibitisho, zile tarakimu ambazo apu inakutumia kuhakikisha namba ni yako.

Mwizi anachukua simu yake mwenyewe, anasakinisha WhatsApp, anaandika namba ya dada (ambayo ameisoma pale pale kwenye kioo kwa sababu dada aliiweka kwenye "Contact information"), WhatsApp inatuma kodi ya tarakimu sita kwa SMS, kodi inatua kwenye kioo cha simu iliyolokiwa, anaisoma, anaiandika, ameingia. Simu hajaifungua hata mara moja. Ndani ya dakika chache anawaandikia wateja "nimekwama, nitumie laki nitakurudishia jioni", na wateja wanatuma kwa sababu namba ni ile ile wanayoijua. Namba hakuipata kwa akili ya ajabu na kodi hakuivunja, vyote viwili vilikuwa kwenye kioo.

Kwa hiyo "Hide content" iwashwe. Matoleo mengine ukiiwasha yanakuuliza ni apu zipi zifichwe, hapo hakikisha meseji za kawaida za SMS ziko ndani ya orodha, maana watu wanakumbuka WhatsApp na benki wanasahau SMS, na kodi zinakuja kwa SMS.

Lakini subiri, kuna upenyo ambao skrinshoti haitakuonyesha kamwe. WhatsApp SMS ikichelewa inatoa njia nyingine ya kupigiwa simu, sauti inakusomea kodi. Simu inayoingia inapokelewa hata kioo kikiwa kimelokiwa, na hakuna "Hide content" ya kuzuia sauti. Dawa yake haiko kwenye setingi za loki, iko ndani ya WhatsApp yenyewe, Settings, "Account", "Two-step verification", unaweka PIN yako ya tarakimu sita ambayo haiji kwa SMS wala kwa simu. Mwizi akipata kodi bado ataulizwa hiyo PIN. Mwambie aweke na baruapepe ya kurejesha, vinginevyo akiisahau na yeye atasumbuka.

Ukiwa humo humo WhatsApp kuna "App lock" chini ya "Privacy", ukiiwasha inakuja na swichi ya "Show content in notifications", hiyo nayo izime. Ila hiyo ni ya WhatsApp peke yake, haigusi SMS, na simu za WhatsApp bado zinapokelewa.

Skrinshoti ya tatu na ya nne, za dharura

Hapa mawazo ni kinyume na ya juu. Kule tulikuwa tunafunga, huku kuna vitu tunataka mgeni avione, kwa sababu mgeni huyo anaweza kuwa dereva wa bodaboda aliyekukuta umeanguka, au nesi wa mapokezi. Kwa hiyo usizime kila kitu ukajiona umeshinda. Swali la kujiuliza ni moja, mtu anayetaka kuniokoa anahitaji nini ndani ya dakika kumi za mwanzo, na chochote kisichojibu swali hilo kitoke.

Kwenye skrinshoti ya dada, "Medical info" swichi ya "Show on Lock screen" imewashwa, na mwenyewe anatuambia ndani kajaza pumu, kajaza mzio wa penisilini, kajaza grupu la damu, na kwenye sehemu ya mambo mengine kaandika anapokaa, mtaa na namba ya nyumba.

Mzio wa penisilini ubaki, hiyo ni ya kuokoa maisha, dawa hiyo na ndugu zake zinatumika sana hospitalini. Pumu ibaki, na aongeze jina la inhela anayotumia. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari anayechoma insulini, mwenye kifafa, mwenye selimundu, mwenye kumeza dawa za kuyeyusha damu kama wofarini, hao wote waandike. Grupu la damu halidhuru kitu likikaa pale ila usilitegemee, hospitali hawatakuongezea damu kwa kusoma kioo cha simu, watapima wenyewe kwanza. Anwani itoke. Mtu mwenye simu yako, pengine na mkoba wako wenye funguo, hahitaji kuelekezwa nyumbani kwako.

Na kuna jambo la kusema kwa upole. Ukurasa huu hausomwi na wageni wa barabarani tu, unasomwa na mwenzako wa chumbani, na shemeji, na fundi wa simu. Mtu anayetumia ARV akiziandika kwenye "Current medications" na swichi ikiwa imewashwa, yeyote atakayegusa "Emergency call" atasoma. Ni haki yake kuamua, wengine wanaona bora daktari ajue. Lakini aamue akijua ukurasa unaonekana, asiwe amejaza akidhani ni siri kati yake na simu. Njia ya kati ipo, andika tu "Mpigie ndugu wa dharura kuhusu dawa zangu", na huyo ndugu ndiye ajue.

Sasa "Emergency contacts". Swichi ikiwa imewashwa, mgeni anaona watu hao na anaweza kuwapigia papo hapo bila kufungua. Dada anasema ameweka mama yake mzazi na kaka yake. Ubaya wake ni huu, simu itakayompigia mama itaonekana kwenye simu ya mama kwa jina la binti yake, halafu sauti ngeni inasema "mwanao amepata ajali, yuko hospitali, tuma hela ya matibabu haraka kwenye namba hii". Mama yoyote atatuma. Namba inayopiga ni ya kweli, kitu pekee cha uongo ni maneno.

Mimi sishauri kuzima hii swichi. Siku ya ajali kweli, hiyo ndiyo njia ya haraka ya watu kujua wewe ni wa nani. Ninachoshauri ni kuchagua mtu. Weka mtu mzima mwenye kichwa kilichotulia, kaka, dada, rafiki wa karibu, siyo mzee anayetetemeka, na ukubaliane naye kabisa kwamba akipigiwa na mgeni kwa simu yako atauliza ni hospitali gani na wodi gani, atasema anakuja au atampigia mtu aliye karibu aende, na hatatuma hela kwenye namba yoyote atakayotajiwa. Jina ulivyolisave ndivyo litakavyoonekana, kwa hiyo "Kaka Dharura" ni jina zuri, "Bosi wa Stoo ya Mzigo" ni taarifa ya bure kwa mwizi.

Kupiga 112 kutoka kwenye kioo kilicholokiwa hakuzimwi na swichi yoyote kati ya hizi, kwa hiyo usiogope kwamba ukificha kitu utakuwa umezuia na simu ya msaada.

Sasa hakikisha kwa macho

Skrinshoti inasema setingi zilivyo, haisemi kioo kinavyotoka. Dada akishabadilisha, afanye jaribio hili. Aloki simu kwa batani ya pembeni. Kama simu inafunguka bila kuuliza chochote akiiwasha tena mara moja, basi kuna muda wa kusubiri kwenye "Secure lock settings", aingie "Auto lock when screen turns off" apunguze, na awashe ile ya kuloki papo hapo kwa batani.

Halafu ampe mtu mwingine simu mkononi. Hii ni lazima na nitaeleza kwa nini. Simu inayofungua kwa uso ikikuona wewe inafunguka kimya kimya hata ukiwa bado unaangalia kioo cha loki, na maandishi yaliyofichwa yanajifunua, unapata hofu kwamba setingi haijashika kumbe imekutambua. Kinyume chake pia kipo, unajaribu gizani uso hausomeki, unaona imefichwa. Mtu mwingine akishika ndiyo jibu la kweli.

Huyo mtu atumiwe SMS moja na WhatsApp moja kutoka simu nyingine, aone anasoma nini. Ashushe pazia la juu ajaribu kuzima data. Ateleze kwenda kwenye PIN, aguse "Emergency call", aguse "Medical info", asome kwa sauti kila anachokiona. Afungue kamera kutoka kwenye kioo, hiyo inafunguka kweli lakini picha za zamani zisionekane, aone tu alizopiga muda huo. Kila anachokisoma kwa sauti ndicho mgeni anachokiona.

Kwenye simu ya dada, kabla, mgeni alikuwa anasoma SMS nzima, namba yake, anwani yake, na anazima data. Baada ya mabadiliko anasoma jina lake, pumu na inhela, penisilini, grupu la damu, jina la kaka, na namba ya kaka kwenye kioo. Basi.

Simu nyingine, kwa kifupi

Pixel, na nyingi zinazokaa karibu na Android yenyewe, zinaweka jambo la notifikesheni kwa machaguo: "Show all notification content" ni kila kitu wazi, "Show sensitive content only when unlocked" ndiyo unayoitaka, na ya mwisho ni kutoonyesha kabisa. Hiyo ya katikati inategemea apu yenyewe imeiweka notifikesheni kwenye kundi gani, nyingi za meseji zinafichwa ila apu ndogo ndogo za mikopo unaweza kuzikuta zinasema deni lako waziwazi, ndiyo maana jaribio la macho haliachwi. Taarifa za dharura za Pixel ziko kwenye apu ya Personal Safety, tafuta "Show when locked". Tecno na Infinix zina ngozi zao, majina yanatofautiana, lakini ingia kwenye notifikesheni na kwenye usalama na dharura utayakuta mambo yale yale.

iPhone ni rahisi zaidi kusoma kwa sababu karibu kila kitu kiko kwenye orodha moja. Muombe skrinshoti ya "Face ID & Passcode" (au "Touch ID & Passcode"), ateremke mpaka penye "ALLOW ACCESS WHEN LOCKED". Kila swichi ya kijani hapo ni kitu kinachofanya kazi bila PIN. "Reply with Message" ya kijani maana yake mgeni anaweza kujibu meseji kama wewe, "Return Missed Calls" anaweza kumpigia aliyekukosa, "Control Center" anaweza kuwasha hali ya ndege na simu ikakosa mtandao. Hizo tatu ningezima. Kwenye matoleo mengi ya mwisho pale ni ya waya, "Accessories" au "USB Accessories", ikiwa ya kijani vifaa vinaunganishwa hata simu ikiwa imelokiwa, kwa hiyo iliyozimwa ndiyo salama.

Skrinshoti ya pili ya iPhone ni "Notifications" kisha "Show Previews". "Always" ni wazi kwa kila mtu, "When Unlocked" inafunguka simu ikikutambua tu. Ya tatu ni apu ya Health, picha yako juu, "Medical ID", pale penye "Show When Locked", na ushauri wa cha kuandika ni ule ule wa juu.

Kilichobaki nje ya skrinshoti

Laini. Mtu akiitoa laini yako akaiweka kwenye simu yake, kodi zote za SMS zinaenda kwake na setingi zote tulizosoma hazina kazi tena. Kinachozuia ni PIN ya laini yenyewe, kwenye Samsung iko ndani ya setingi za usalama, "Set up SIM card lock" kisha "Lock SIM card". Itakuomba PIN ya sasa ya laini, na hiyo siyo PIN ya simu wala ya M-Pesa, ni ile iliyokuja na laini ikiwa mpya, mara nyingi imeandikwa kwenye kadi ya plastiki uliyobandulia laini. Usibahatishe, ukikosea mara tatu laini inajifunga na inataka PUK, ambayo iko kwenye kadi hiyo hiyo au kwa mtandao wako. Kama kadi imepotea wapigie kwanza wakupe ndiyo uguse. Ukishawasha badilisha iwe namba yako, na simu ya laini mbili fanya kwa laini zote mbili.

Na skrinshoti zile nne alizotuma, akimaliza azifute kwenye galari na kwenye kapu la taka la galari, na wewe uzifute kwenye simu yako, kwa sababu zile za mwanzo zina hali ya zamani, anwani na namba, na kama Google Photos inahifadhi picha zake basi zimeshapanda na huko.